Fikra Zisizo na Msikilizaji

Mkondo wa fahamu ni mbinu ya usimulizi ambayo humweka msomaji ndani ya akili ya mhusika na kumwacha humo. Msomaji hupata yanayopita akilini kwa namna yanavyopita: kinachoonekana sasa hivi, kilichokumbukwa bila kutafutwa, hofu isiyotajwa jina, sentensi iliyokatika katikati. Hakuna msimulizi anayesimama kati yao na kusema "alifikiri kwamba" au "hapo akakumbuka siku ile". Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fasihi hukutana na istilahi hii mapema, na wengi huishika kwa alama yake ya nje tu, yaani ukurasa mrefu usio na nukta wala mkato. Alama hiyo ipo katika baadhi ya vitabu, lakini inaweza kuondolewa na mbinu ikabaki palepale. Jambo lisiloweza kuondolewa ni hili: mhusika hamsimulii mtu yeyote. Hana msikilizaji wa kumwelezea, kumpangia wala kumficha kitu. Karibu kila sifa nyingine ya mbinu hii inatokana na hapo.

Jina lenyewe lilitoka katika saikolojia kabla ya kuingia katika fasihi. Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani William James alichapisha kitabu kikubwa kuhusu misingi ya taaluma hiyo, na ndani yake alidai kwamba fahamu ya mtu haiji vipande vipande vilivyounganishwa, bali hutiririka bila kukoma. Mwaka 1918 mwandishi wa Uingereza May Sinclair aliazima usemi huo alipokuwa akizungumzia riwaya za Dorothy Richardson, ambaye juzuu yake ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka 1915. Richardson mwenyewe hakulipenda jina hilo, lakini lilishika. Mbinu, hata hivyo, ilikuwa imeanza kabla ya kupewa jina. Mfaransa Édouard Dujardin aliandika riwaya fupi ya namna hiyo mwaka 1887, na James Joyce wa Ayalandi hakuficha kwamba alijifunza kwake. Huko Viyena, Arthur Schnitzler alichapisha mwaka 1900 hadithi ya ofisa wa jeshi inayokaa kichwani mwake usiku kucha, tangu ukumbini kwenye muziki hadi asubuhi.

Vitabu vitatu vya miaka ya 1920 ndivyo vinavyotajwa zaidi madarasani. Riwaya ya Joyce, Ulysses, ya mwaka 1922, inaishia na sura ya Molly Bloom, mwanamke aliye kitandani usiku, mume wake kando yake. Sura hiyo imegawanywa katika mafungu manane marefu yenye karibu hakuna kituo, na ndiyo iliyowafanya watu wadhani kwamba kukosa vituo ndiyo mbinu. Virginia Woolf, katika Mrs Dalloway ya mwaka 1925, anaandika kwa vituo vya kawaida kabisa, na bado anatuingiza akilini mwa Clarissa Dalloway na watu wengine wa London katika siku moja ya mwezi Juni. William Faulkner wa Marekani, katika The Sound and the Fury ya mwaka 1929, anafungua riwaya ndani ya akili ya Benjy, mtu mzima wa miaka 33 mwenye ulemavu wa akili. Wacheza gofu ng'ambo ya uzio wanapomwita mbeba fimbo wao, neno wanalolitumia linasikika kama jina la dada yake aliyeondoka nyumbani, Caddy, na Benjy anaanza kulia. Hakuna anayemweleza msomaji kwa nini. Msomaji analiona lile lililia, anaona kilio, na kurasa nyingi baadaye ndipo anaelewa.

Mfano huo wa Benjy unaonyesha kinachosukuma mkondo wa fahamu. Katika hadithi ya kawaida tukio moja huzaa lingine: mvua ilinyesha, mto ukafurika, daraja likabomoka. Ndani ya akili jambo halivutwi na sababu, linavutwa na mfanano. Sauti inafanana na jina, harufu ya leo inafanana na ya miaka thelathini iliyopita, rangi ya kitu fulani inafanana na rangi ya kitu ambacho mtu hataki kukifikiria. Kwa hiyo mtu anayesoma mkondo wa fahamu hana haja ya kuuliza "kisha nini kikatokea?" Swali linalomfaa ni "kilichomtoa huku na kumpeleka kule ni nini?"

Kipande kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya makala haya. Ni kabla ya alfajiri, Tanga, na mwanamke anakaanga maandazi ya kuuza. Zaidi ya hayo msomaji haambiwi kitu, kwa makusudi.

"Geuza. Huku bado meupe, meupe kama, geuza kabla hayajanywa mafuta, mafuta yenyewe bei hiyo, na Mzee Kombo atakuja na bakuli lake niwekee matano mwanangu nitakulipa Ijumaa, Ijumaa gani. Iliki imezidi. Bibi alikuwa akiitwanga na sukari, anafunika kinu kwa kiganja isiruke, mkono unanukia mpaka usiku, akikupapasa uso unalala na iliki yake. Hapendi yule. Mama yananuka dawa. Dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Mtu anasema nini dakika tatu usiku wote ule, shikamoo haifiki, hamjambo huko haifiki, labda kaimba, si alikuwa akiimba hapo mlangoni na beseni kichwani watu wananunua kwa ajili ya sauti. Huko kumeshakucha, wametutangulia saa nzima, ameshaamka. Ameshaamshwa. Alikuja yule mama akakaa hapo kwenye kigoda akanywa chai akasema kazi nyepesi, watoto wawili na bibi kizee, akanionyesha picha ya nyumba, akala manne. Manne na hakulipa. Yanaungua, toa, toa. Sare ile imemkaa, jirani mwenyewe alisema imemkaa, nyeupe pe, nyeupe kama, imemkaa vizuri. Adhana hiyo. Kumbe beseni halijafika hata nusu. Nikimaliza hili beseni. Naosha mikono kwanza, simu haipendi mafuta, halafu nikimaliza hili na lile donge lililobaki. Geuza."

Msomaji makini anaweza kulijenga tukio kutokana na vipande hivi. Mwanamke ana binti. Binti amekwenda kufanya kazi za ndani mahali ambako saa zao zinaitangulia Tanzania kwa saa moja, na msomaji wa pwani atafikiri mara moja kuhusu Muscat, maana Oman iko mbele kwa saa moja hasa na wasichana wengi wa pwani wamepita njia hiyo. Alipelekwa na wakala, "yule mama" aliyekaa kwenye kigoda. Usiku ametuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu na sekunde kumi na mbili, na mama yake bado hajausikiliza. Lakini angalia maneno ambayo hayamo: hakuna "binti yangu", hakuna jina lake, hakuna Oman, hakuna "wakala", hakuna hata neno "ujumbe". Mama huyu hawezi kujiambia kwamba ana binti aliye Oman. Anajua tayari. Mtu akijieleza mwenyewe jambo analolijua, basi ameshapata msikilizaji, na msikilizaji huyo ni msomaji aliyechungulia dirishani.

Kiswahili kinaibeba mbinu hii kwa urahisi wa pekee, kwa sababu ya viambishi vyake. "Hapendi yule" inatosha kuwa sentensi kamili bila kumtaja mtu. Wasomaji wa Joyce hulalamika kwamba katika sura ya Molly kiwakilishi cha "yeye" mwanamume huhama kutoka kwa mume hadi kwa mpenzi hadi kwa mchumba wa zamani bila taarifa. Mwandishi wa Kiswahili ana uhuru mkubwa zaidi ya huo, kwani kiambishi a- hakionyeshi hata kama ni mwanamume au mwanamke. Katika kipande chetu "hapendi" inakuja mara tu baada ya Bibi, na kwa nusu sentensi msomaji anaweza kudhani ni Bibi huyohuyo asiyependa iliki. Neno "Mama" linalofuata ndilo linalomsahihisha: anayesema ni mtoto, na anayeitwa mama ni huyu anayekaanga. Kupotea kidogo na kurudi njiani ni sehemu ya kazi ya msomaji. Kupotea moja kwa moja ni kosa la mwandishi, na tofauti kati ya hayo mawili ni kama dalili ya kumrudisha msomaji imewekwa karibu au la.

Viungo vya kipande vinaweza kufuatwa kimoja kimoja. Weupe wa andazi lisiloiva unaleta mfanano ambao mama anaukata kabla ya kuumaliza: "meupe kama". Harufu ya iliki inamleta Bibi, iliki hiyohiyo inamleta binti asiyeipenda, na binti analeta urefu wa ujumbe, ambao mama ameuona kwenye simu na kuukariri hadi sekunde. Urefu wa ujumbe unamleta binti akiimba, kwa sababu wimbo ndilo jibu zuri pekee analoweza kulipata la kwa nini mtu azungumze dakika tatu usiku. Kisha weupe unarudi kwa mlango mwingine, safari hii ukiwa wa sare ya kazi kwenye picha, na mfanano uleule unakatwa mahali palepale: "nyeupe kama". Msomaji anayeishi katika jamii inayozika kwa sanda hahitaji kumaliziwa. Mama hatamki neno hilo hata moyoni. Mkondo wa fahamu hueleza mengi kwa kile unachokikwepa, na njia ya kukitambua ni kuangalia mahali ambapo fikra imefika mara mbili na kugeuka mara zote mbili.

Sentensi ndogo kuliko zote ndiyo yenye uzito kuliko zote. "Ameshaamka. Ameshaamshwa." Katika ya kwanza binti ameamka mwenyewe, na katika ya pili kuna mtu aliyemwamsha. Silabi chache zimegeuza usingizi wa kawaida kuwa amri ya mwajiri. Msimulizi wa kawaida angehitaji aya nzima kueleza kwamba mama ameanza kutilia shaka hali ya kazi ya binti yake. Hapa kauli ya kutendwa imefanya kazi hiyo yote, na mama hakusimama kuitazama, kwani mara moja fikra inamkimbilia wakala.

Nyakati za vitenzi nazo zinastahili kuangaliwa. Kiambishi -ka- ni chombo cha msimulizi: alikuja, akakaa, akanywa, akasema. Kinapanga matukio kwa zamu na kumshika msikilizaji mkono. Ndiyo sababu hadithi nyingi za Kiswahili zimejaa -ka-, na ndiyo sababu mkondo wa fahamu hukitumia kwa uchache. Fikra za mama zinakaa zaidi katika -na-, -me- na hali ya kuamuru, yaani mambo yaliyo mbele yake au ambayo athari yake bado ipo. Lakini katika habari ya wakala -ka- inazuka ghafla, mara tano mfululizo. Hilo si kosa. Habari hiyo mama ameshawahadithia majirani na ndugu mara nyingi, hadi imejipanga yenyewe kichwani kama hadithi iliyo tayari kusimuliwa. Mwanafunzi akiona mpangilio wa namna hiyo ndani ya mkondo, aulize kama mhusika anakumbuka tukio au anarudia simulizi yake kuhusu tukio. Mara nyingi jibu linafichua neno alilojifunza kulisema ili asilaumiwe. Hapa neno hilo ni "kazi nyepesi".

Kitu cha mwisho katika kipande ni kamba ya nje. Fikra zote hizi zinachukua muda wa kukaanga mikupuo michache ya maandazi, na kazi ya mikono inarudi kila baada ya sentensi kadhaa: geuza, yanaungua, toa, beseni, donge. Adhana inaingia kutoka nje na kumwambia mama, na sisi pia, kwamba alfajiri imefika. Woolf alitumia kengele za saa ya London kwa kazi hiyohiyo: zinapogonga, watu wasiojuana wanazisikia kwa wakati mmoja, na msomaji anajua yuko wapi katika siku. Bila kamba ya nje akili ya mhusika huelea, na msomaji hawezi kupima kama kumbukumbu imechukua sekunde au saa nzima.

Mkondo wa fahamu ni njia moja tu kati ya kadhaa za kumfikisha msomaji akilini mwa mhusika, na tofauti zake huonekana vizuri pale tukio moja linapoandikwa kwa njia zote. Mwanamke apewe jina la Mwanahamisi na binti aitwe Salma. Njia ya kwanza ni msimulizi kusema hali ya moyo kwa maneno yake mwenyewe: "Mwanahamisi aliogopa kuusikiliza ujumbe wa Salma, ingawa hakukubali kwamba ni hofu." Sentensi hii ina nguvu ambayo mkondo hauna: inajua jambo ambalo Mwanahamisi halijui kujihusu. Njia ya pili ni fikra iliyoripotiwa, yenye kitenzi cha kufikiri kinachoitangulia: "Mwanahamisi alijiuliza mtoto wake alikuwa na maneno gani ya kujaza dakika tatu." Maneno yamelainishwa, na msimulizi bado anashika usukani.

Njia ya tatu huwachanganya wanafunzi kuliko zote, nayo ndiyo aliyoipenda Woolf. Msimulizi anabaki katika nafsi ya tatu, lakini maneno, maswali na mahali pa kusimama ni vya mhusika: "Mwanahamisi aligeuza maandazi. Mtu anasema nini dakika tatu usiku wote ule? Shikamoo haifiki. Labda ameimba. Angemaliza hili beseni kwanza." Sentensi ya kwanza ni ya msimulizi bila shaka. Ya pili haina "alijiuliza", ila swali ni la Mwanahamisi na lugha ni yake. Ya mwisho ni mchanganyiko kamili: kiambishi cha nafsi ya tatu ni cha msimulizi, lakini "hili" ni la mtu ambaye beseni liko mbele ya magoti yake, maana msimulizi aliye mbali angesema "lile". Viashiria vya karibu, kama huyu, hapa, leo na sasa, vikijitokeza ndani ya usimulizi wa nafsi ya tatu, ni dalili ya kuaminika kwamba sauti ya mhusika imeingia. Wahakiki wengine huiweka njia hii ndani ya mkondo wa fahamu na kuiita mazungumzo ya ndani yasiyo ya moja kwa moja. Wengine huipa fungu lake. Mwanafunzi hana haja ya kuumaliza ugomvi huo. Inatosha aonyeshe ni neno lipi la nani.

Njia ya nne ni kile kipande chenyewe, ambamo msimulizi ametoweka. Hakuna jina la Mwanahamisi popote, kwa kuwa watu hawajiiti majina wanapokaanga.

Kutokana na ulinganisho huu makosa ya kawaida ya darasani yanaweza kupimwa. La kwanza ni kuuita usimulizi wowote wa nafsi ya kwanza mkondo wa fahamu. Kazimoto katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1974, anatumia "mimi" na anajichunguza sana, lakini anasimulia: anatanguliza watu, anaeleza walikotoka, anapanga matukio ili yafuatwe na mtu mwingine. Kuna msikilizaji. La pili ni kuchanganya mkondo na uzungumzi nafsi wa jukwaani. Mhusika wa tamthilia aliyebaki peke yake na kusema yaliyo moyoni mwake bado anasema kwa sauti, kwa sentensi zinazokamilika, na ukumbi mzima unamsikiliza. La tatu ni kuuchanganya na mbinu rejeshi. Mbinu rejeshi inaihamisha hadithi nzima hadi wakati uliopita na kukaa huko. Katika mkondo, Bibi na kinu chake wanapita kwa sentensi moja huku mafuta ya leo yakiendelea kuchemka.

La nne linahitaji uangalifu zaidi. Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, zote za Kezilahabi, huvunja mpangilio wa wakati na mahali kiasi kwamba wanafunzi wengi huzitaja kama mifano ya mkondo wa fahamu. Hoja hiyo ina kitu ndani yake, kwani ndoto na njozi zimo kwa wingi. Hata hivyo kinachovunjika huko ni ulimwengu wenyewe wa hadithi, ambao msimulizi anaupitia na kuuripoti kwa sentensi zilizotulia. Katika kipande cha maandazi ulimwengu ni mzima kabisa, una mafuta, beseni na adhana kwa wakati wake. Kilichovunjika ni mpangilio wa fikra za mtu mmoja. Mwanafunzi anayetaka kuzitumia riwaya hizo kama mfano aonyeshe kwanza ni akili ya nani inayotiririka na kwa vipengele vipi vya lugha.

Wanaojaribu kuiandika mbinu hii nao wana mitego yao. Uliozoeleka ni ule wa kumfanya mhusika atoe taarifa: "Salma, binti yangu wa kwanza aliyekwenda Muscat mwaka juzi, ametuma ujumbe." Mtihani wake ni rahisi. Kila taarifa ichukuliwe na kuulizwa kama mhusika ana sababu ya kuifikiria sasa, akiwa peke yake. Kama hana, taarifa hiyo itafutiwe njia nyingine: kitu kinachoonekana, sauti ya jirani, au sentensi ya msimulizi kabla ya mkondo kuanza. Mtego mwingine ni kuondoa vituo ukidhani kazi imekwisha. Sentensi ishirini zilizopangika vizuri hazigeuki fikra kwa kunyang'anywa nukta; zikirudishiwa nukta zitaonekana ni maelezo yaleyale. Kipande cha maandazi, kinyume chake, kina nukta nyingi, na kila nukta iko pale ambapo fikra imesimama au imekatizwa.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba kwa kuwa akili inarukaruka basi chochote kinaweza kufuata chochote. Hakuna mwandishi wa mbinu hii anayenakili akili halisi. Sehemu kubwa ya yanayopita kichwani mwa mtu si maneno hata kidogo: ni picha, maumivu ya mgongo, joto la jiko usoni. Mwandishi huyatafsiri hayo kuwa maneno na kuchagua machache, kisha huyapanga ili yaonekane hayakupangwa. Weupe ulioonekana mara mbili katika kipande chetu haukuja kwa bahati. Bei ya mafuta na deni la Mzee Kombo pia zina kazi, kwani zinaeleza kwa nini nyumba hii ilimpokea wakala na picha yake ya nyumba.

Kutokuwepo kwa msimulizi kunaleta mipaka pia. Mkondo hauwezi kumwonyesha msomaji jambo ambalo mhusika halioni, wala sura ya mhusika mwenyewe, isipokuwa ajitazame kwenye kioo, njia ambayo waandishi wameitumia hadi imechosha. Hauwezi kubeba mazungumzo marefu ya watu wawili bila kurudi kwenye usimulizi wa kawaida. Na huchosha haraka: kurasa kumi za akili moja zinahitaji umakini ambao wasomaji wengi hawautoi hadi wapewe pa kupumulia. Hii ndiyo sababu hata waliosifika kwa mbinu hii waliitumia kwa vipimo. Joyce alimwachia Molly sura moja tu, ya mwisho, baada ya msomaji kuwafahamu watu wote watakaotajwa kwa kiambishi tu. Faulkner aliigawa riwaya yake sehemu nne. Tatu za mwanzo zinatoka kwa ndugu watatu, kila mmoja kwa sauti yake, na ya nne inasimuliwa kwa nafsi ya tatu na msimulizi aliye nje ya wote. Hapo, karibu na mwisho wa kitabu, ndipo Benjy anapoingia mlangoni na msomaji anaelezwa kwa mara ya kwanza umbo lake, mwendo wake na rangi ya macho yake.